Maili Si Jibu: Sheria ya Bahari katika Maswali ya Kuchagua

Mhadhara uliotolewa Chemchem, Tabora, mbele ya walimu, wanafunzi na wananchi



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja. Kila mwaka wanafunzi wetu hukutana na maswali ya kuchagua jibu kuhusu bahari ya kitaifa, ukanda wa kiuchumi wa bahari na uhuru wa meli kusafiri. Wengi huingia ukumbini wamekariri tarakimu tatu: maili 12, maili 24 na maili 200. Wanatoka wamekosa. Nimetunga maswali ya namna hiyo na nimeyasahihisha kwa miaka mingi, na leo nakusudia kuonyesha kinachowaangusha. Dai langu ni hili: umbali hukwambia umesimama wapi baharini, lakini swali karibu kila mara linauliza nchi ina mamlaka gani pale, na kwa jambo lipi. Anayejibu kwa umbali peke yake amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Hoja ya kwanza: tarakimu ni mwanzo tu

Tuanze na tarakimu zenyewe, kwa sababu hata hizo zina mitego. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982, na Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Kwa mkataba huo, vipimo vyote huanzia kwenye mstari wa msingi, ambao kwa kawaida ni ule ambao maji hufikia yanapokupwa. Kutoka hapo hadi maili 12 ni bahari ya kitaifa. Hadi maili 24 ni ukanda wa jirani. Hadi maili 200 ni ukanda wa kiuchumi. Kinachobaki nje ya hapo nitakiita bahari huria.

Maili inayohusika ni ya bahari, yenye mita 1,852, tofauti na ile ya barabarani. Kwa hiyo maili 200 ni kilomita 370 hivi. Mtungaji akitaka kumnasa mwanafunzi ataweka na kilomita 322, ambayo ni hesabu ya maili ya barabarani, na wengi wataikimbilia. Mtego mwingine ni kuuliza upana wa ukanda wa kiuchumi ukipimwa kuanzia pale bahari ya kitaifa inapoishia. Jibu ni maili 188, kwa kuwa zile 200 zinaanza kuhesabiwa kwenye mstari wa msingi na zile 12 zimo ndani yake.

Sasa tazameni jinsi tarakimu zinavyobadilika huku bahari ikibaki ile ile. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere, kwa tangazo la Rais, aliipanua bahari ya kitaifa ya Tanzania hadi maili 50. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria ya bahari ya kitaifa na ukanda wa kiuchumi, ikarudisha maili 12 na kuweka ukanda wa kiuchumi wa maili 200. Chukueni meli ya mizigo yenye bendera ya Panama, iko maili 40 kutoka Mtwara, inaelekea Mumbai. Mwaka 1974, kwa sheria yetu, meli ile ilikuwa ndani ya bahari ya kitaifa, inapita kwa ruhusa ya sheria inayoitwa kupita kusiko na madhara. Mwaka 1990, mahali pale pale, ilikuwa kwenye ukanda wa kiuchumi, na ilisafiri kwa uhuru ule ule ilionao kwenye bahari huria. Nahodha hakugeuza usukani hata nyuzi moja. Kilichobadilika ni mamlaka tuliyodai juu yake. Mwalimu mwenye kitabu kilichochapishwa kabla ya 1989 naye aliangalie hilo kabla ya kutunga swali.

Tofauti yenyewe ni hii. Ndani ya maili 12 nchi ina mamlaka kamili, kama iliyo nayo juu ya ardhi, ila tu inabanwa na haki ya meli za kigeni kupita bila madhara. Kwenye ukanda wa kiuchumi nchi haina mamlaka kamili. Ina haki za kipekee juu ya rasilimali, yaani samaki, mafuta, gesi, hata nishati ya upepo na mawimbi, na ina madaraka juu ya mambo machache yaliyotajwa: visiwa vya kujengwa, utafiti wa kisayansi na ulinzi wa mazingira. Meli za mataifa yote zinabaki huru kusafiri humo. Basi mkiona chaguo linalosema kuwa nchi ya pwani ina mamlaka kamili juu ya ukanda wa kiuchumi, likateni, hata kama maili zake zimeandikwa sawasawa.

Hoja ya pili: samaki wa Magufuli na kifungo cha nahodha

Wengi wenu mnaikumbuka habari ya meli ya uvuvi Tawariq 1. Tarehe 8 Machi 2009 ilikamatwa kwenye ukanda wetu wa kiuchumi ikidaiwa kuvua bila kibali, katika doria iliyosaidiwa na meli ya Afrika Kusini. Ndani yake mlikuwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Waziri wa uvuvi wakati huo alikuwa Dakta John Magufuli. Samaki wale waligawiwa kwa taasisi mbalimbali, na mitaani wakaitwa samaki wa Magufuli. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2012 washtakiwa wawili, nahodha akiwa mmojawapo, walitiwa hatiani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu hiyo kwa kasoro za utaratibu wa mashtaka.

Kutokana na habari ya namna hiyo mtungaji anaweza kuandika swali hili:

Meli ya kigeni imekamatwa maili 180 kutoka pwani ikivua bila kibali. Kwa mujibu wa Mkataba wa 1982, na kama hakuna makubaliano mengine na nchi ya bendera, ni hatua ipi ambayo nchi ya pwani hairuhusiwi kuichukua?

A. Kupanda melini na kuikagua.
B. Kuikamata meli na kuifungulia mashtaka.
C. Kumhukumu nahodha kifungo kwa kosa la uvuvi.
D. Kudai dhamana ya kiasi kabla ya kuiachia meli na mabaharia wake.

Mwanafunzi wa tarakimu ataona maili 180, atasema huu ni ukanda wetu, samaki ni wetu, kila kitu kinaruhusiwa, kisha atabaki anabahatisha. Jibu ni C, na msingi wake ni ibara ya 73. Ibara hiyo inaipa nchi ya pwani nguvu ya kupanda, kukagua, kukamata na kushtaki. Hapo hapo inaiwekea mipaka: meli na mabaharia waachiwe haraka dhamana ya kiasi ikishawekwa, nchi ya bendera ijulishwe, na adhabu ya kosa la uvuvi isiwe kifungo, ila kama nchi zinazohusika zimekubaliana vinginevyo, wala isiwe ya kuumiza mwili.

Kwa nini iwe hivyo? Mkataba ulizaliwa kwa maafikiano. Nchi za pwani, nyingi zikiwa za Afrika na Amerika ya Kusini, zilitaka samaki wao wasihujumiwe na meli za mbali. Kenya ndiyo iliyopeleka wazo la ukanda wa kiuchumi kwenye mikutano ya kimataifa mwaka 1971 na 1972, na hilo ni jambo la kujivunia kwa pwani yetu nzima. Mataifa yenye meli nyingi nayo yaliogopa mabaharia wao wasozee magerezani mbali na kwao. Zikapatana: chukueni faini, shikilieni meli hadi dhamana iwekwe, watu msiwafunge. Ukijua maafikiano hayo huna haja ya kuikariri ibara ya 73, kwa maana utaiona inavyotokea.

Hapa pana neno la kuwaonya vijana. Katika shina la swali lile, maneno mazito kuliko yote ni "kwa mujibu wa Mkataba wa 1982". Sheria ya ndani ya nchi inaweza kuandika faini, na kifungo kwa anayeshindwa kulipa. Wanasheria wanabishana kama kifungo cha kushindwa kulipa faini nacho kimekatazwa na ibara ile, na ubishi huo haufai kuwekwa kwenye swali la kuchagua. Mtungaji makini ataepuka. Mtahini asiye makini atauliza tu "adhabu ya nahodha ni ipi?" bila kutaja sheria ipi, na hapo mwanafunzi mwerevu ndiye atakayeumia, maana anajua kuwa majibu yanaweza kuwa mawili.

Hoja ya tatu: mamlaka ni ya jambo gani?

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na naomba mnivumilie nikikaa hapa kidogo.

Mwezi Oktoba 1997 Guinea ya Afrika Magharibi iliikamata meli ya mafuta iitwayo Saiga, yenye bendera ya Saint Vincent na Grenadines. Kosa lake lilikuwa kuziuzia mafuta meli za uvuvi zilizokuwa kwenye ukanda wa kiuchumi wa Guinea. Guinea ilitumia sheria zake za forodha, ikisema mafuta yale yameingizwa bila ushuru. Shauri likafika kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg. Mmoja wa majaji alikuwa Mtanzania, Jaji Joseph Warioba, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wetu.

Hukumu ilitoka tarehe 1 Julai 1999. Mahakama ilisema kwamba kwenye ukanda wa kiuchumi nchi ya pwani inaweza kutumia sheria za forodha juu ya visiwa vya kujengwa na mitambo iliyosimikwa baharini, lakini haiwezi kuzitumia juu ya eneo zima la ukanda. Guinea ikaamriwa kulipa fidia. Jaji Warioba alikuwa miongoni mwa wachache waliopinga. Nalitaja hilo kwa makusudi: hata majaji wa Hamburg waligawanyika, kwa hiyo kijana asijione mjinga akisita.

Sasa mtungaji anauliza: nchi ya pwani inaweza kuitoza ushuru wa forodha meli ya kigeni inayouza mafuta maili 100 kutoka pwani? Chaguo la kwanza linasema ndiyo, kwa sababu iko kwenye ukanda wa kiuchumi. La pili linasema ndiyo, kwa sababu iko kwenye ukanda wa jirani. La tatu linasema hapana, kwa sababu haki za ukanda wa kiuchumi haziihusu forodha. La nne linasema hapana, kwa sababu nchi ya pwani haina haki yoyote nje ya maili 12. Jibu ni la tatu. Lakini tazameni ufundi wa lile la nne: jibu lake, "hapana", ni sahihi, ila sababu yake ni ya uongo. La pili nalo limebeba ukweli uliohamishwa, kwa kuwa forodha kweli ni mambo ya ukanda wa jirani, ambako nchi huzuia na kuadhibu uvunjaji wa sheria zake za forodha, kodi, uhamiaji na afya. Tatizo ni kwamba ukanda huo unaishia maili 24.

Hivyo ndivyo vipotoshi vizuri vinavyotengenezwa katika somo hili. Mtungaji huchukua haki ya kweli, akaihamishia kwenye ukanda usio wake. Au huchukua jibu sahihi akalifunga kwenye sababu mbovu.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2014 mahakama ile ile iliamua shauri la meli Virginia G, iliyokamatwa na Guinea-Bissau, nayo kwa kuziuzia mafuta meli za uvuvi. Safari hii nchi ya pwani ilikuwa imetumia sheria zake za uvuvi. Mahakama ikasema nchi ya pwani ina haki ya kuratibu uuzaji wa mafuta kwa meli za kigeni zinazovua kwenye ukanda wake, kwa sababu mafuta hayo yanaendesha uvuvi, na uvuvi ni rasilimali yake. Mafuta yale yale, bahari ya aina ile ile. Ukiyaita forodha huna nguvu, ukiyaunganisha na uvuvi nguvu unayo. Hakuna tarakimu ya maili itakayokuambia hilo.

Hoja ya nne: kupita kuna namna zake

Hapa nitapita upesi. Uhuru wa kusafiri ni wa ukanda wa kiuchumi na bahari huria. Ndani ya bahari ya kitaifa meli ina haki ya kupita bila madhara tu. Na kwenye milango ya bahari inayotumiwa na safari za kimataifa, inayounganisha bahari huria au kanda za kiuchumi, kuna kupita moja kwa moja, ambako ni kupana zaidi na nchi ya pwani haiwezi kukusimamisha.

Mwanafunzi akisikia mkondo ulio kati ya Unguja na Bara, hukimbilia kupita moja kwa moja. Asikimbie. Mkataba, katika ibara ya 38, unatoa mlango wa aina hiyo kwenye kanuni: pale ambapo mlango umetokana na kisiwa cha nchi na bara la nchi ile ile, na upande wa nje wa kisiwa kuna njia nyingine ya bahari yenye kufaa sawa, kupita moja kwa moja hakutumiki. Mashariki ya Unguja bahari iko wazi. Kinachobaki, kwa ibara ya 45, ni kupita kusiko na madhara, lakini kwa namna ambayo haiwezi kusimamishwa hata kwa muda. Mahali pengine katika bahari ya kitaifa, nchi inaweza kukusimamisha kwa muda kwa sababu ya usalama, baada ya kutangaza.

Kwa watungaji: swali hili ni halali iwapo tu shina limesema kuwa mkondo unatumiwa na safari za kimataifa na kuwa maji yake ni bahari ya kitaifa. Mkiyaacha hayo, mmempa mwanafunzi kazi ya kukisia mlichowaza.

Hoja ya tano: reli yetu na nchi zisizo na pwani

Sasa nirudi nyumbani. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 800, na mtu anaweza kuuliza sheria ya bahari inatuhusu nini. Njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilifuatwa baadaye na reli ya kati, iliyofika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ya Burundi na ya Kongo ya mashariki imekuwa ikipita mbele ya macho ya watu wa Tabora tangu enzi hizo. Mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji waliwekeana mkataba uliowapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa pango la faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya upande wao ipite. Wazee wanayakumbuka maeneo hayo kwa jina la Belbase.

Sehemu ya kumi ya Mkataba wa 1982 inaweka haki hiyo kwenye sheria ya dunia. Nchi isiyo na pwani ina haki ya kuifikia bahari na uhuru wa kupitisha mizigo katika nchi jirani, kwa masharti yanayokubaliwa kati yao. Mizigo ya kupita haitozwi ushuru wa forodha, inatozwa tu malipo ya huduma iliyotolewa. Na nchi hiyo ina haki ya kuwa na meli zenye bendera yake. Chaguo linalosema kuwa Burundi haiwezi kusajili meli ya baharini kwa sababu haina pwani ni la uongo.

Mtego mkubwa wa sehemu hii naujua kwa sababu huwaangusha hata walimu. Nchi ipi kati ya hizi si nchi isiyo na pwani: Burundi, Rwanda, Uganda, au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo? Sisi wa Tabora tunaona makontena ya Lubumbashi na Kalemie yakitokea Dar es Salaam, tunaiweka Kongo pamoja na wengine. Lakini Kongo ina kipande kifupi cha pwani kwenye Atlantiki, kwenye mdomo wa mto Kongo. Kwa ufafanuzi wa ibara ya 124 inatosha. Upitishaji wa mizigo yake kwetu unategemea mikataba ya nchi na nchi na ya kikanda. Haki ile ya nchi zisizo na pwani haiihusu.

Mwenyekiti, muda umeniishia, na naona wanafunzi wa mstari wa nyuma wana maswali. Reli ya kisasa inajengwa kuja hapa na kuendelea hadi Kigoma, na kipande cha kuingia Burundi kimepangwa. Walimu wa Tabora watakuwa na mifano ya upitishaji wa mizigo ambayo mwalimu wa Tanga hana, nami ningependa maswali yetu ya majaribio yaanze kutungwa kutokana na hati za mizigo za hapa hapa stesheni. Aidha, mwezi Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba mpya wa uhai wa baharini nje ya mipaka ya nchi, na maswali yake yatafika kwenye mitihani kabla ya vitabu kuchapishwa upya.

Kwa mkutano wetu ujao naacha swali moja, na vijana walijibu kwa maandishi, wakieleza kila chaguo limekosewa wapi. Meli ya uvuvi ya kigeni imevua bila kibali maili 150 kutoka Kilwa. Boti ya doria ya Tanzania inaifukuza bila kukatiza hadi meli hiyo inaingia maili 10 kutoka pwani ya Komoro. Je, boti yetu (A) iendelee na kuikamata, kwa kuwa kosa lilianzia kwetu. (B) isimame, kwa kuwa haki ya kufukuza huisha meli inapoingia bahari ya kitaifa ya nchi nyingine. (C) haikuwa na haki ya kuifukuza tangu mwanzo, kwa kuwa kosa lilikuwa nje ya maili 12. Au (D) isubiri meli itoke tena, kisha iendeleze ufukuzaji ule ule?